Kura 41, 37 na 6: namna ya kuyasoma matokeo na kuwashukuru ambao hawakuchaguliwa

*"Mwalimu, mimi ni katibu wa klabu yetu na nimepewa kazi ya kusimamia uchaguzi wa mwenyekiti. Tumepiga kura leo jioni na kuzihesabu mbele ya mawakala; matokeo natakiwa kuyatangaza kesho kwenye mkutano. Waliopiga kura ni 87. Mweka hazina amepata 41, mwenyekiti anayemaliza muda 37, na kijana aliyejiunga mwaka juzi 6. Kura 3 zimeharibika. Mwenyekiti ametutumikia miaka mingi, sitaki aondoke na kinyongo. Na huyu wa kura 6 naona aibu kumsomea hesabu yake mbele za watu. Nitangazeje, na niwashukuruje bila kuonekana nawafariji au nawacheka?"*

Ndugu katibu,

Kabla ya maneno ya shukrani, fungua katiba ya klabu yenu usiku huu huu usome kifungu cha uchaguzi wa mwenyekiti neno kwa neno. Katika hesabu uliyoniandikia kuna jambo ambalo mtu mmoja ukumbini ataligundua kabla hujafika katikati ya tangazo. Kura halali ni 84, nusu yake ni 42, na mweka hazina amepata 41. Ameongoza, ila hajafikisha nusu.

Kama katiba inasema mshindi ni "atakayepata kura nyingi kuliko wengine", amechaguliwa na hakuna mjadala. Kama inasema "zaidi ya nusu ya kura halali", alihitaji 43, na kesho huna mshindi wa kumtangaza. Unachotangaza ni kwamba kura zinarudiwa, kwa utaratibu ambao katiba hiyo hiyo imeuweka. Kuna katiba nyingine zinaandika "zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa". Hapo hata zile 3 zilizoharibika zinaweza kuingia kwenye hesabu, na kiwango kikapanda hadi 44. Unaona jinsi neno moja linavyosogeza mstari. Na kama katiba iko kimya, usiamue peke yako. Waite wajumbe wa kamati ambao hawakugombea, mtazame mihtasari ya chaguzi zilizopita mwone klabu ilifanyaje, kisha uamuzi uandikwe na kutiwa saini kabla ya mkutano kuanza.

Nitaendelea nikichukulia kuwa katiba yenu ni ya kura nyingi kuliko wengine. Hata hivyo, ile 41 inakufunga mdomo kwa maneno fulani. Huwezi kusema "wanachama wengi wamemchagua", kwa sababu 43 walichagua watu wengine. Huwezi kusema "klabu imezungumza kwa sauti moja". Wasimamizi huyatamka maneno haya kwa mazoea, wakidhani wanampamba mshindi. Waliompigia mwenyekiti kura wanayasikia kama kuambiwa kwamba wao hawakuwemo. Sema amechaguliwa kwa mujibu wa kifungu fulani cha katiba, na uishie hapo. Kifungu hicho kinamlinda mshindi vizuri kuliko sifa zozote utakazomwongezea.

Sasa tuje kwenye kinyongo cha mwenyekiti. Mimi naamini kinyongo hakitokani na kushindwa kwenyewe. Mtu aliyegombea anajua kwamba kushindwa kunawezekana. Alijua siku alipochukua fomu. Kinachomchoma ni kupokea habari hiyo akiwa ameketi mbele ya watu 87 wanaomkodolea macho waone uso wake utafanyaje. Kwa hiyo kazi kubwa ya kesho huifanyi jukwaani. Unaifanya kwenye chumba kidogo, kama saa moja kabla ya mkutano, ukiwa na wagombea wote watatu na mawakala wao.

Waite pamoja, usiwaite mmoja mmoja. Ukianza na mmoja, wa pili atajua kuna aliyeambiwa kabla yake, na hapo umeshaanza kutengeneza mafungu. Wakishaketi, usitoe utangulizi. Kila sentensi unayoiweka kabla ya namba, moyo wa mtu unadunda zaidi, na mwenye akili anakuwa ameshaisoma habari kwenye upole wa sauti yako. Weka fomu ya matokeo mezani na usome: karatasi zilizotolewa 87, zilizokutwa sandukuni 87, zilizoharibika 3, halali 84, kisha kura za kila mmoja. Halafu nyamaza. Waache waitazame fomu wenyewe kwa macho yao.

Baada ya hapo uliza swali moja: kuna anayetaka kura zihesabiwe upya? Uliza wewe, usisubiri kuulizwa. Tofauti ya 41 na 37 ni kura 4, na tofauti ya namna hii ni ndogo kuliko inavyoonekana. Karatasi moja ikiwekwa kwa bahati mbaya kwenye fungu lisilo lake, huyu anaongezewa na yule anapunguziwa, kwa hiyo pengo linabadilika kwa 2. Karatasi mbili tu zikikosewa hivyo, pengo lote la 4 limekwisha na mna 39 kwa 39. Mwenyekiti akianza kupiga hesabu hiyo akiwa kitandani usiku wa kesho, hutaweza kuifuta tena kichwani mwake. Akiipiga mbele yako wakati sanduku liko mezani, dakika ishirini zinatosha kuimaliza: mafungu ya kumi kumi, mtu mmoja anasoma, wa pili anatazama, wa tatu anaandika, na mawakala wanaona kila karatasi.

Waonyeshe pia zile 3 zilizoharibika, na umweleze kila mmoja kwa nini kila karatasi ilikataliwa: hii ina alama mbili, hii haina alama, hii imeandikwa jina la mpiga kura. Hapa una habari njema ya kihesabu ambayo ni vyema uiseme waziwazi. Hata zote 3 zingekuwa za mwenyekiti, angefika 40, na bado 41 ingekuwa mbele. Kura zilizoharibika haziwezi kubadilisha matokeo haya. Jambo hilo likishasemwa na kueleweka, mnong'ono mmoja mkubwa unakufa kabla haujazaliwa.

Halafu wape fomu waitie saini. Akikataa mmoja, usimbembeleze wala usimtishe. Andika kwenye fomu kwamba hakutia saini na sababu aliyoitoa, mweleze muda na njia ya kuweka pingamizi kama katiba inavyosema, na uendelee. Saini ya mgombea ni ushahidi kwamba ameona hesabu. Mara nyingi haihitajiki ili hesabu iwe halali, lakini angalia katiba yenu. Kukataa kwake usikutangaze ukumbini.

Mwisho wa kikao hicho, muulize kila mmoja kama angependa kusema neno baada ya tangazo, na umwambie ana dakika mbili. Asiyetaka asilazimishwe. Nimeona watu wakisukumiwa kipaza sauti kwa makofi, "aseme, aseme", na mtu ambaye angekuwa sawa kabisa kesho yake akatoa maneno ambayo yeye na klabu waliyajutia kwa miaka.

Na mwenyekiti, kwa kuwa ni mgombea, asiongoze kipande hicho cha mkutano. Sisemi hivi kwa sababu simwamini. Ni mzigo asiostahili kubebeshwa: kuketi kwenye kiti kile kile, kukaribisha tangazo la kuondoka kwake, kisha kuwatuliza wanaoshangilia. Mpe makamu, au mjumbe mwingine asiyegombea, aongoze tangu tangazo mpaka mwisho wa shukrani.

Sasa jukwaani. Kosa ambalo nimeliona mara nyingi, na ambalo mimi mwenyewe nimewahi kulifanya, ni kuanza na jina la mshindi. Miaka ya nyuma nilisimamia uchaguzi wa chama kimoja kidogo, nikasimama na furaha zangu nikataja jina kwanza. Ukumbi ulilipuka. Nilipoanza kusoma kura za wengine, watu walikuwa wamesimama, wanakumbatiana, na hakuna aliyenisikia. Wiki iliyofuata zilikuwa zikizunguka hesabu tatu tofauti za kura za mgombea aliyefuatia, na kila moja ilikuwa ndogo kuliko ile ya kweli. Nilikuwa nimemwibia mtu yule kura zake bila kugusa sanduku.

Kwa hiyo anza kwa kuomba utulivu: makofi yasubiri mpaka umalize. Soma kanuni, kisha jumla, kisha kura za wagombea kwa mpangilio wa karatasi ya kura, na jina la aliyechaguliwa liwe la mwisho. Wapo wanaopenda kupanda kutoka kura chache kwenda nyingi ili kuleta msisimko. Mimi siushauri mtindo huo. Unamfanya yule wa kura 6 kuwa kifungua burudani, na mwenyekiti kuwa mtu wa kusubiriwa aanguke. Mpangilio wa karatasi ya kura hauna hadithi ndani yake, na ndiyo sababu ni mzuri.

Tangazo lako linaweza kwenda hivi:

"Ndugu wanachama, naomba tusikilize mpaka mwisho, makofi yatakuja baadaye. Kwa mujibu wa kifungu cha uchaguzi cha katiba yetu, mwenyekiti ni mgombea atakayepata kura nyingi kuliko wengine. Jana zilitolewa karatasi 87 na zote zilikutwa sandukuni. Zilizoharibika ni 3, halali ni 84. Kura zilihesabiwa mbele ya mawakala wa wagombea wote, na wagombea wenyewe wameiona fomu ya matokeo. Ndugu Fulani, kura 37. Ndugu Fulani, kura 6. Ndugu Fulani, kura 41. Kwa hiyo, kwa mujibu wa katiba, namtangaza Ndugu Fulani kuwa mwenyekiti wa klabu."

Namba zote zisome kwa sauti moja, kasi moja. Usishushe sauti ukifika kwenye 6, wala usiipandishe kwenye 41. Usitie neno "tu" baada ya 6, wala "zote" baada ya 41. Na kwenye idadi ndogo kama hii asilimia hazina kazi. Kura 6 ni watu sita waliotembea mpaka sandukuni. Ukizigeuza kuwa asilimia saba na kidogo, umewafuta.

Najua hapo ndipo aibu yako ilipo, na nakuheshimu kwa kuiona. Lakini usiifiche hesabu ya kijana. Ukisoma mbili za juu na kusema "na mgombea mwingine", kila mtu atatoa 41 na 37 kwenye 84 na kuipata 6 kabla hujakunja karatasi, na sasa itakuwa 6 iliyofichwa, yaani 6 ya aibu. Mwongozo wa mikutano wa Henry Martyn Robert, ambao ulitoka mara ya kwanza mwaka 1876 na bado unafuatwa na vyama vingi, umelisema hili bila kuzunguka katika matoleo yake ya sasa: idadi ya kura za kila mgombea isomwe yote na kuingizwa kwenye muhtasari, isiachwe kwa kuzihurumia hisia za walioshindwa. Nilipousoma mara ya kwanza niliuona ni mkali. Baada ya kusimamia chaguzi kadhaa naona ndiyo njia yenye huruma. Namba iliyosomwa hadharani haiwezi tena kutumiwa na mtu kumnong'ona kijana wa watu pembeni. Kinachomsitiri ni kwamba aliijua saa moja kabla, na anapoisikia ukumbini si habari mpya kwake.

Baada ya kumtangaza mshindi, acha makofi yapite. Kisha, kabla mshindi hajasimama, wewe ndiye unayewashukuru wagombea. Ukimwachia mshindi kazi hiyo peke yake, shukrani inakuwa zawadi kutoka kwa aliyewashinda. Ikitoka kwako inakuwa ya klabu.

Na hapa kuna maneno manne ambayo Waswahili tunayakimbilia, na ningependa uyaweke kando kesho.

La kwanza ni "asiyekubali kushindwa si mshindani". Ni methali nzuri, lakini anayepaswa kuisema ni yule aliyeshindwa, akijisemea mwenyewe. Wewe ukiisema, umemtuhumu mwenyekiti kwamba hajakubali, na yeye hajafungua mdomo. Ukumbi mzima utamgeukia kuona kama kweli amenuna.

La pili ni "kura hazikutosha". Zamani lilikuwa neno la adabu kweli, lilimwokoa mtu asiambiwe ameshindwa. Limetumika mno kwenye utani, na siku hizi baadhi ya watu hulisikia na kutabasamu. Kama umeshasoma 37, hakuna haja ya kueleza kwamba hazikutosha.

La tatu ni "wote ni washindi". Si kweli, na kijana wa kura 6 anajua si kweli. Ukimwambia hivyo unamwonyesha kwamba humwoni kuwa mtu mzima anayeweza kupokea hesabu.

La nne, ambalo kijana huyo ataambiwa na kila mzee atakayempa mkono, ni "wakati wako utafika". Hujui kama utafika. Hayo waachie wengine wayaseme kwa mapenzi yao. Kwenye kinywa cha msimamizi yanasikika kama ahadi ya ofisi.

Useme nini basi? Mshukuru kila mmoja kwa jambo moja alilolifanya kama mgombea, jambo ambalo watu waliokaa pale walilishuhudia. Nasisitiza: kama mgombea. Hili ndilo linalokosewa zaidi na watu wenye nia njema, na kwa mwenyekiti wako ndipo mtego ulipo. Utashawishika kusimulia miaka yake yote ya utumishi, alivyoanza, alivyojitolea, alivyosimama na klabu wakati mgumu. Nimewahi kufanya hivyo kwa mtu ninayemheshimu. Nilidhani namwinua. Baadaye aliniambia kwa upole kwamba alikuwa anasikiliza wasifu wa marehemu, na marehemu ni yeye. Alikuwa na haki. Maneno marefu ya namna ile, yakija dakika tatu baada ya mtu kushindwa, yana umbo la tanzia, na wasikilizaji wanashusha nyuso kama msibani.

Utumishi wa mwenyekiti una siku yake, nayo ni siku ya makabidhiano. Siku hiyo muandalie maneno marefu kadiri mnavyotaka, na yatamfikia, kwa sababu hayatakuwa kitulizo. Kesho mshukuru kwa kugombea, kwa urefu ule ule utakaomshukuru kijana. Ukimpa mmoja sentensi saba na mwingine moja, umepiga kura ya pili.

Sijui wagombea wenu walifanya nini kwenye kampeni, hivyo mfano huu uujaze kwa yaliyotokea kweli. Tuseme mwenyekiti alikaa kwenye kikao cha maswali akajibu hata yale makali kuhusu matumizi, na kijana alitoa hoja kwamba taarifa ya fedha isomwe kila miezi mitatu badala ya mara moja kwa mwaka. Basi:

"Kwa niaba ya klabu nawashukuru wagombea wote watatu. Ndugu Fulani, ulikuwa na kiti na ukakubali kusimama mbele yetu kuulizwa upya kama mtu mwingine yeyote. Ulijibu maswali yote tuliyokuuliza, na tulipiga kura tukiwa na majibu hayo. Ndugu Fulani, ulituletea hoja ya taarifa ya fedha kila miezi mitatu. Kabla yako haikuwa imewahi kuzungumzwa kwenye mkutano wetu, na sasa iko kwenye muhtasari. Wanachama 87 tulikuwa na watu wa kuchagua kwa sababu ninyi mlikubali majina yenu yawekwe kwenye karatasi."

Angalia kwamba hapo hamna kivumishi hata kimoja cha sifa. Sikusema "mahiri", sikusema "shupavu". Nimetaja kilichotendwa, na kila aliyekuwepo anaweza kusema ndiyo, nakumbuka. Hiyo ndiyo tofauti ya shukrani na faraja. Faraja huwa ingeweza kusemwa kwa mtu yeyote aliyeshindwa popote. Ukiijaribu kwa kubadilisha jina, inabaki vile vile. Chukua sentensi yako usiku huu, weka jina la mwenyekiti mahali pa jina la kijana. Kama bado inakaa sawa, ifute uandike nyingine.

Na usiahidi lolote. Usiseme hoja ya kijana itatekelezwa. Hayo si mamlaka yako. "Iko kwenye muhtasari" inatosha, ikiwa kweli ipo. Kama haipo, nenda kaiweke kwanza au usiseme. Vivyo hivyo, asitokee mtu akamtangazia mwenyekiti wa zamani nafasi ya mshauri au mlezi wa klabu pale pale jukwaani. Akikataa anaonekana ana kinyongo. Akikubali hajapata hata muda wa kuwaza. Cheo kama hicho kinaulizwa kwa faragha, siku kadhaa baadaye, na kwanza mwangalie kama katiba inakiruhusu.

Mshindi naye umwandae. Kwenye kile chumba kidogo mwambie ana dakika tatu, na mwombe mambo mawili. Awataje wenzake kwa majina na kwa neno "wagombea wenzangu", asiseme "wapinzani wangu". Mpinzani ni mtu wa upande mwingine wa uwanja. Mgombea mwenzako mlikuwa kwenye karatasi moja. Pili, asirudie ahadi za kampeni. Ahadi zake zilikuwa majibu dhidi ya hoja za wenzake, na kuzirudia akiwa na 41 mkononi ni kuwashinda mara ya pili mbele ya watu wao. Mipango yake aiweke kwa kikao chake cha kwanza cha kamati. Kama anataka sentensi moja ya kusema kwa waliompigia wengine, hii naiona nzuri: "Kuna wanachama 43 ambao jana walitaka mtu mwingine, mimi ni mwenyekiti wenu pia, na mlango wangu wa kwanza kuugonga utakuwa wa wagombea wenzangu." Aiseme ikiwa tu anakusudia kugonga kweli.

Mwenyekiti akiomba dakika zake mbili, msikilizeni bila kumkatiza hata sauti ikimkwama. Msimkimbilie na maji, msianze kuimba. Akinyamaza katikati, nanyi nyamazeni.

Tangazo la maandishi litoke siku hiyo hiyo, kabla watu hawajafika nyumbani ikiwezekana, na liwe la kwanza kufika kwenye kundi la wanachama kwenye simu. Wasiohudhuria wataambiwa na mtu. Ni heri waambiwe na karatasi yenye hesabu kamili. Lisiwe refu. Juu weka hesabu kama ulivyozisoma, kwa mpangilio ule ule. Halafu jina la aliyechaguliwa na kifungu cha katiba. Halafu zile sentensi za shukrani, usizibadilishe, maana watu watalinganisha. Halafu siku ambayo muda wa pingamizi unakwisha na mtu wa kumpelekea. Chini saini yako na tarehe. Picha ya mshindi akibebwa juu isiwe kwenye tangazo la klabu. Marafiki zake watairusha wenyewe, na hiyo ni haki yao.

Yakianza kwenye kundi maneno ya kumcheka wa kura 6, usijibu hadharani. Mpigie simu aliyeandika, mwambie afute. Anayejibiwa mbele ya watu hupata wasikilizaji. Anayepigiwa simu huona haya.

Ishara moja ya kukuonyesha kama mambo yamekaa sawa ni hii: kwenye mkutano unaofuata, tazama mahali mwenyekiti wa zamani anapoketi na kama watu wanaketi karibu naye. Akija akakaa nyuma peke yake, mtu wa kwanza kumfuata asiwe mshindi, awe wewe, uliyeshika hesabu na ambaye hukuwa na upande.

Karatasi za kura usizichome kesho kwa hamu ya kulimaliza jambo. Zirudishe sandukuni pamoja na zile 3 zilizoharibika, lifunge kwa lakiri au gundi, wewe na mawakala mtie saini juu ya kifungio, na likae mahali penye kufuli ambapo mweka hazina na mwenyekiti wote wawili hawana ufunguo. Muda wa pingamizi ukipita bila mtu kujitokeza, kamati iziharibu mbele ya mawakala na muhtasari uandike siku hiyo.